Ukingo wa spika umeoza: ihukumu koili kwanza

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alirudi kutoka Maskati mwaka 1991 na spika mbili za mbao, kila moja ina wufa ya inchi 8 na twita. Zimekaa stoo hapa Tanga karibu miaka kumi. Juzi nimeziunga kwenye amplifaya: moja inakwaruza kila besi ikiingia, nyingine inatoa mlio kama karatasi inayopigwa na feni. Nilipotoa kitambaa cha mbele nikakuta sponji ya ukingoni imekatikakatika kwenye zote mbili, na koni ya ile ya pili imechanika urefu wa kidole. Fundi wa mtaani anasema zimeungua, ninunue sabufa. Jirani anasema nipake gundi ya tyubu. Zinatengenezeka kweli? Na inalipa?"

Marahaba, mwanangu. Usizitupe, na usizipige tena hata kwa sauti ndogo mpaka umalize kusoma hapa. Kwa haya uliyoeleza, kilichokufa kwa hakika ni sponji, na sponji hubadilishwa. Kinachoamua kama spika ina uhai au haina ni koili iliyofichwa ndani ya sumaku, na hiyo hakuna aliyeipima bado, si fundi wala jirani. Spika iliyoungua na spika iliyooza ukingo ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, ila wote hutoa sauti mbaya, ndiyo maana huchanganywa.

Tuanze na kazi ya ule ukingo. Koni ya wufa imeshikwa sehemu mbili. Nyuma, karibu na sumaku, kuna kitambaa cha mikunjomikunjo, mara nyingi cha rangi ya njano au kahawia, ambacho mafundi hukiita spaida. Mbele, kuzunguka koni nzima, kuna ile pete ya sponji. Katikati ya koni, kwa nyuma, kuna kimrija kilichoviringishwa waya mwembamba wa shaba: hiyo ndiyo koili, nayo hupanda na kushuka ndani ya mwanya wa sumaku. Mwanya huo ni mwembamba mno. Koili hubakiwa na nafasi isiyofika nusu milimita kila upande. Spaida na sponji zikiwa nzima, koni hupanda na kushuka wima kama pistoni. Sponji ikikatika upande mmoja, koni hulalia ule upande uliolegea, koili inainama, na waya unaanza kusugua chuma. Huo ndio mkwaruzo uliousikia.

Ukingo una kazi ya pili ambayo watu huisahau, nayo ni kuziba hewa. Koni ikisukuma hewa mbele, inavuta hewa ya nyuma. Pakiwa na uwazi ukingoni, hewa ya mbele inazunguka na kuingia nyuma badala ya kukufikia masikioni, na besi inapotea. Tazama maboksi yako, mbele na nyuma, kama kuna tundu la mviringo la kupitisha hewa. Kama hakuna, basi ni maboksi yaliyozibwa, ya aina ile ambayo Mmarekani Edgar Villchur aliiingiza sokoni mwaka 1954 kwa spika yake ya AR-1: hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayofanya kazi ya springi na kuirudisha koni mahali pake. Boksi la namna hiyo halivumilii hata ufa mdogo. Na ili springi hiyo ya hewa ifanye kazi vizuri, ukingo wenyewe unatakiwa uwe laini sana. Hapo ndipo sponji iliposhinda vitu vingine: ni nyepesi, ni laini, na inairuhusu koni iende mbali. Watengenezaji waliipenda kwa sababu nzuri. Tatizo lake ni umri.

Sponji hiyo ni poliyurethani, ndugu yake sponji ya godoro. Mvuke wa maji ulio hewani huikatakata ile minyororo mirefu inayoifanya inyumbuke, na joto linaiharakisha kazi hiyo. Mwanga wa jua nao huila kwa njia yake. Kwa kawaida huishi miaka kumi hadi ishirini na kitu, na sisi wa pwani tusitegemee ule mwisho wa juu. Iguse kidogo kwa ncha ya kidole utaona: haichaniki kama kitambaa, inasagika, na inakuachia uchafu mweusi unaonata kama lami, ambao hautoki kwa maji matupu. Ikifika hapo imekwisha yote, hata vipande vinavyoonekana bado vimeshika. Kwa hiyo si kwamba marehemu alizipiga kwa fujo. Hata kama zingekaa ndani ya katoni tangu 1991 bila kuwashwa, sponji ingeoza vilevile. Na kwa sababu hiyohiyo, usibadilishe upande mmoja tu. Zilizaliwa pamoja, zimeoza pamoja.

Sasa kwa nini nimekukataza kuzipiga. Watu hudhani sauti ndogo haina madhara. Lakini mwendo wa koni hautegemei ukubwa wa sauti peke yake, unategemea na uzito wa besi. Ili kutoa sauti ya ukubwa uleule, kila unaposhuka oktavu moja, yaani mitetemo ikipungua kwa nusu, koni hulazimika kwenda mbali mara nne zaidi. Ngoma moja ya chini kwenye wimbo wa taratibu inaweza kuisukuma koni kuliko kelele nzima ya mwimbaji. Koni isiyo na ukingo ikisukumwa hivyo inayumba, na kila mara inapoyumba koili inakwanguliwa ile rangi nyembamba inayozuia nyuzi zake zisigusane. Rangi ikitoka, nyuzi zinagusana au zinakatika, na hapo ndipo spika iliyokuwa inahitaji ringi ya sponji inageuka kuwa spika iliyoungua kweli.

Kipimo cha kwanza hakihitaji ufundi. Azima mita, fungua skurubu za wufa, ivute nje taratibu, na chomoa waya wake baada ya kuandika upi umetoka kwenye alama ya kujumlisha. Weka mita kwenye omu, ncha moja kila mguu wa wufa. Wufa iliyoandikwa omu 8 haitakuonyesha 8. Itaonyesha kati ya 5.5 na 7, na hiyo ni sawa, kwa sababu mita hupima waya mtupu tu, wakati ile 8 ya mtengenezaji huhesabu na tabia ya koili sauti inapopita. Ya omu 4 itaonyesha 3 na kitu. Mita ikigoma kabisa, kana kwamba hujagusa kitu, waya umekatika. Ikionyesha omu moja au chini ya hapo, nyuzi zimegusana. Ikigoma, kabla hujakata tamaa tazama zile kamba mbili laini za shaba zinazotoka kwenye miguu kwenda kwenye koni. Mara nyingi ni hiyo iliyokatika nje, mahali palipochomewa kwa risasi, na koili ni nzima.

Kipimo cha pili ndicho mafundi wengi hukiruka, nacho ndicho kinachookoa spika nyingi. Ukibonyeza koni sasa hivi itakwaruza, na fundi atakuambia koili imevimba. Hawezi kujua. Koni iliyolala upande mmoja itakwaruza hata kama koili yake ni mpya. Kwanza ondoa sponji yote iliyobaki, kata kwa wembe kuzunguka mpaka koni isiguse fremu popote na ishikwe na spaida peke yake. Sasa ilaze wufa, sumaku chini, weka ncha za vidole vyako kuzunguka ile kofia ya katikati, vikiwa na nafasi sawa kati yake, na ubonyeze wima milimita tatu au nne. Weka sikio karibu. Ikishuka na kupanda kimya, koili ni salama. Ikikwaruza, isogeze koni kidogo sana kushoto, kulia, mbele, nyuma, huku ukibonyeza. Ukipata mahali inapopita kimya, koili bado ni salama, ilikuwa inatafuta katikati tu. Ikikwaruza kila mahali, basi kimrija kimepinda kwa joto, au sumaku imehama kwa sababu spika iliwahi kuangushwa. Harufu nayo inasema: sogeza pua karibu na spaida. Koili iliyoungua huwa na harufu kali ya vanishi iliyochomwa, na haiishi hata baada ya miaka.

Nikupe mfano wa jozi niliyoshughulikia wakati wa masika yaliyopita, inayofanana sana na yako: inchi 8, maboksi yaliyozibwa, ilikuwa imekaa nyumba ya karibu na bahari. Mteja alikuja na wufa moja tu mkononi, ile iliyokuwa inakwaruza, kwa kuwa alishaambiwa imekufa. Mita ilisoma 6.2. Nikamwomba alete na ya pili, ikasoma 6.0. Tofauti ndogo kama hiyo ni ya kawaida. Nikakata sponji ya ile mbovu, nikabonyeza: ikakwaruza upande wa kulia, nikaisogeza kushoto unene wa ukucha, ikapita kimya kabisa. Nilipokuja kutoa kofia ya katikati, niliona mstari mmoja wa mng'aro kwenye shaba, mahali pa urefu wa punje ya mchele, ambapo rangi ilikuwa imeanza kutoka. Wiki mbili tatu zaidi za kupigwa hivyo, na yule fundi wa kwanza angekuwa amesema kweli. Spika zile zinapiga mpaka leo kwa ringi mpya, na koili zake ni zilezile za kiwandani.

Tuje kwenye mpasuko. Mlio wa karatasi uliousikia ni kingo mbili za mpasuko zinazosuguana. Kama koni yako ni ya karatasi, na nyingi za enzi hizo ni za karatasi, mpasuko wa urefu wa kidole unaotoka ukingoni kuelekea katikati unazibika vizuri tu. Uzibe kabla ya kuweka ringi, kwa sababu ringi inahitaji duara kamili la kushika. Chukua kifuko kimoja cha chai ya kuchovya, mwaga majani, na tumia ile karatasi yake, ambayo ni nyembamba, ina nyuzi ndefu na haiyeyuki kwenye maji. Ichane kwa mkono badala ya kuikata kwa mkasi, ili ukingo wake usiwe na mstari mkali. Sawazisha kingo za mpasuko zikutane bila kupandana, paka kwa nyuma gundi nyeupe ya maseremala uliyoizimua kwa maji kidogo, bandika karatasi ipite mpasuko kama sentimita moja kila upande, kisha paka gundi nyembamba juu yake. Ikikauka, pitisha mstari mwembamba wa gundi kwa mbele, basi. Acha usiku mzima na mchana wake.

Kinachofanya gundi hiyo ifae ni kwamba ikikauka hubaki inanyumbuka na ni nyepesi. Sehemu yote inayotembea kwenye wufa ya inchi 8, yaani koni na koili pamoja, ina uzito wa gramu 20 au 30 hivi. Kiraka cha nusu gramu hutakisikia. Ukijaza gundi ya tyubu, au silikoni ya mabomba, au selotepu, umeongeza uzito upande mmoja wa kitu ambacho kinatakiwa kwenda wima, na nyingine kati ya hizo hutoa mvuke wa asidi unaokula shaba. Supagluu nayo hukauka ngumu kama kioo, na koni hupasuka tena pembeni yake. Kwa hiyo mshukuru jirani, lakini gundi yake ibaki kwenye baiskeli.

Kuna mipasuko nisiyokushauri kuiziba. Mpasuko ukizunguka shingo ya koni pale inaposhikana na koili, hapo nguvu yote inapita na kiraka hakitadumu. Kama kipande kimetoka na kupotea, kikubwa kuliko sarafu, au panya ameila koni mahali kadhaa, hiyo ni kazi ya koni mpya. Na kama koni si karatasi bali plastiki inayong'aa na kuteleza kama ndoo, gundi nyeupe itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Hiyo ipeleke kwa mtu mwenye gundi yake maalumu.

Ringi za sponji zinapatikana kwa wauza vifaa vya redio kwenye miji mikubwa, na kwa kuagiza. Kosa kubwa ni kununua kwa kusema "inchi 8". Hiyo inchi 8 ni kipimo cha fremu, na wufa mbili za inchi 8 zinaweza kuwa na koni za ukubwa tofauti kwa sentimita nzima. Pima kwa rula, kwa milimita: upana wa koni yenyewe kutoka ukingo hadi ukingo, na upana wa duara la fremu ambapo mdomo wa nje wa ringi utakaa. Angalia pia kama mdomo wa ndani ulikuwa umebandikwa mbele ya koni au nyuma yake, na kama umelala au umeinama kufuata mteremko wa koni. Nenda dukani na vipimo hivyo na kipande cha sponji ya zamani kwenye mfuko wa nailoni. Kama utaambiwa chukua ya raba kwa sababu inadumu, ni kweli inadumu zaidi, lakini ni nzito na mara nyingi ni ngumu kuliko ile ambayo boksi lako lilitengenezewa. Mimi ningeweka sponji.

Kusafisha ndiko kunakokula muda. Lile tope jeusi lote litoke, kwenye koni na kwenye fremu, kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ukisugua polepole na bila kulowesha karatasi. Ukiacha mabaki, ringi mpya itabandika juu ya lami na kuachia ndani ya mwaka.

Halafu inakuja hatua inayotenganisha ukarabati wa kweli na wa kubahatisha, nayo ni kuiweka koili katikati. Kata kofia ya katikati kwa wembe mpya, ukiacha ukingo wa milimita mbili ili uweze kuirudisha. Chini yake utaona kimrija cha koili na, ndani yake, nguzo ya chuma. Kata vipande vinne vya filamu ya zamani ya eksirei au negativu za picha, vyembamba kama upana wa kidole kidogo, uvisukume kati ya nguzo na kimrija, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Vikibana vizuri bila kulazimishwa, koili iko katikati na haiwezi kuhama. Usilete msasa wala tupa karibu na hapo. Punje moja ya chuma ikivutwa na sumaku kuingia kwenye mwanya, itakwaruza maisha yake yote na kuitoa ni kazi.

Bandika mdomo wa ndani wa ringi kwenye koni kwanza, uache ukauke kabisa. Ndipo ubandike mdomo wa nje kwenye fremu, ukiwa na vile vipande vinne bado ndani. Gundi nyeupe inafaa kote huku kama fremu imesafika. Gundi za kopo zenye harufu kali hushika haraka, lakini nyingine huyeyusha sponji, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha sponji usichokihitaji. Kuna mafundi wanaosema wanaweza kuweka katikati kwa kubonyeza kwa kidole na kusikiliza. Wapo wanaoweza. Mimi miaka ya mwanzo nilijaribu hivyo, nikabandika mdomo wa nje wa wufa ya mteja nikaona inapita kimya, kesho yake gundi ilipokauka na kuvuta ikaanza kukwaruza, ringi mpya ikaenda kwenye taka. Tangu hapo sibandiki bila vipande vinne. Baada ya saa 24 vitoe, bonyeza usikilize, na ndipo urudishe kofia kwa mstari mwembamba wa gundi.

Kuhusu kama inalipa, nitakuwa mkweli. Gharama yako ni jozi ya ringi, chupa ndogo ya gundi, na jioni mbili, au ufundi wa mtu kama hutaki kufanya mwenyewe. Usiilinganishe na bei ya sabufa, linganisha na bei ya jozi ya spika za mbao za ukubwa huohuo zilizotumika lakini nzima. Ukarabati ukivuka nusu ya bei hiyo, mimi huanza kusita. Koili zikiwa nzima, mara nyingi hauvuki. Sabufa atakayokuuzia yule fundi itapiga kishindo zaidi, hilo sikatai, lakini nyingi hupiga noti moja ya besi juu ya kila wimbo, na sauti ya mtu inakuwa nyembamba.

Kabla ya kununua ringi, kagua maboksi. Stoo ya Tanga na mbao za maranda si marafiki. Bonyeza pembe za chini: kama zimevimba na zinamong'onyoka, au ukigonga ubavu unasikia utupu wa mchwa, boksi halitaziba hewa tena na ringi mpya itakuwa kazi bure mpaka boksi litengenezwe. Twita nazo zijaribu. Kama upande mmoja umezubaa bila milio ya juu, huenda ni kapasita ndogo iliyokauka ndani ya boksi, ambayo ni rahisi kubadilisha. Na kama zingekuwa zile spika za plastiki nyepesi za redio ndogo, zenye sumaku ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji, ningekuambia ziache. Inua wufa yako mkononi. Ikiwa nzito kiasi cha kukushangaza, ina sumaku ya kustahili jasho lako.

Mpelekee fundi, usijaribu mwenyewe, kama mita imegoma na kamba za nje ni nzima, kama koni inakwaruza kila mahali hata baada ya kukata sponji, au kama spaida imebanduka. Hapo mara nyingi huhitajika koili mpya na koni mpya, na bei inapanda. Ukifika kwake muulize ataiweka koni katikati kwa njia gani. Akikuonyesha vipande vyake, kaa. Akisema atakuwekea koni nzima ya spika za ukumbini, yenye ukingo mgumu wa kitambaa cha mikunjo, kataa kwa heshima hata kama ni rahisi. Ukingo ule hauozi, na kwenye muziki wa ukumbini uko mahali pake, lakini ni mgumu. Koni ya nyumbani inayoanza kutikisika kwenye mitetemo 30 au 40 kwa sekunde itabanwa ianzie juu zaidi, na ile besi laini uliyoikumbuka tangu utotoni haitarudi, wala hutajua kwa nini.

Ukimaliza, kabla ya kufunga skurubu, chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Gusisha kujumlisha ya betri kwenye mguu wa kujumlisha wa wufa, kwa sekunde moja tu. Koni itaruka mbele kidogo na utasikia "tok". Fanya hivyo kwa wufa zote mbili na uhakikishe zinaruka upande uleule, kisha unga nyaya kufuata alama ulizoandika mwanzo. Moja ikiungwa kinyume, moja itakuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi itafutika katikati ya chumba, nawe utadhani ringi mpya ni mbovu. Zipige kwa sauti ya maongezi kwa siku mbili tatu za kwanza sponji ilegee, ziwekwe mbali na dirisha linalopata jua la mchana, na uniandikie mita imesoma ngapi.